Bar Saba Mpaka Saa Nane

Kwenye kitambulisho alikuwa na jina zuri tu, lakini pale kiwandani hakuna aliyelijua isipokuwa karani wa mishahara. Wengine wote walimwita Bar Saba. Ukimwuliza habari za asubuhi, alikujibu "Bar saba." Watoto hawajambo? Bar saba. Na lile goti? Bar saba, bar saba. Mama mkwe wake alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alimvuta binti yake pembeni, akamwuliza kwa huzuni hizo baa sita nyingine ziko wapi. Ilibidi aelezwe kwamba bar ni kipimo cha nguvu ya mvuke, na kwamba mkwewe hanywi chochote kikali kuliko chai ya rangi.

Alikuwa mwangalizi wa boila katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali tatu na hoteli kumi na kitu. Boila lenyewe lilikaa katika chumba chake nyuma ya ukumbi wa pasi, limelala kama tangi la maji lililopigwa teke likaanguka ubavu, na ubavuni pake kulikuwa na kibati cha shaba kilichoandikwa kwamba lisizidi bar nane. Kazi ya boila ilikuwa kuchemsha maji na kupeleka mvuke kwenye mashine. Kazi ya Bar Saba ilikuwa kuhakikisha halichemki kupita kiasi. Miaka kumi na tisa alikuwa ameifanya kazi hiyo na, tuseme ukweli, aliijua. Kioo cha kuonyesha kina cha maji alikipima kila zamu bila kukosa. Uchafu wa chini aliutoa kwa wakati. Aliweza kusikia pampu ikikohoa akiwa msalani.

Sasa tuje kwenye daftari.

Sheria ya kiwanda ilitaka mwangalizi asome geji, kile kipimo cha mvuke chenye sindano, kila saa na kuandika alichokiona. Ni sheria nzuri, na ubaya wake ni mmoja tu: meneja alilipenda daftari safi. Mwaka mmoja Bar Saba aliwahi kuandika sita na nusu, mwaka huohuo akaandika saba na robo tatu, na mara zote mbili aliitwa ofisini kueleza. Kueleza kulichukua muda mrefu kuliko kuchochea moto. Tangu hapo akaandika saba. Na kwa kuwa jibu lilishajulikana, hakukuwa na haja ya kungoja swali: ikifika mapumziko ya chai ya saa tatu na nusu, alikaa kwenye kiti chake, akajaza ukurasa wote wa zamu mpaka saa nane mchana, kisha akatoka kunywa chai benchini na wenzake. Saba, saba, saba. Waangalizi wa zamu nyingine walifanya vilevile. Mwandiko ndio uliotofautiana, na wake ulisifiwa.

Ukitaka kulalamika kuhusu kitu kibovu, hukuandika daftarini. Hapana. Daftari ni la mkaguzi. Uliandika kwenye kikaratasi, ukampa meneja, naye alikitia mfukoni mwa shati. Shati la meneja lilifuliwa palepale kiwandani, kwa mvuke mzuri kabisa, pamoja na vikaratasi vyote.

Kikaratasi cha kwanza kilihusu swichi. Boila lina swichi ya kuzima moto mvuke ukifika kiwango, lakini ile ilikuwa imechoka, ikawa inazima moto ovyo na mashuka yanachelewa. Fundi umeme alikuja akaikwepa kwa kipande cha waya ili isizime tena, "kwa wiki moja tu," na wiki hiyo ikawa na miezi miwili. Kuanzia hapo Bar Saba alikuwa akiwasha na kuzima moto kwa mkono, huku akitazama geji. Kikaratasi cha pili kilihusu vali ya usalama, ile inayotakiwa kufunguka yenyewe na kupuliza mvuke nje mambo yakizidi. Ilikuwa ikipuliza mara kwa mara, nayo ndiyo kazi iliyoajiriwa kuifanya, lakini meneja aliona mvuke unapotea bure. Fundi yuleyule alikata muhuri wake wa madini ya risasi akaikaza. Ikanyamaza.

Kikaratasi cha tatu kilihusu geji. Sindano ya geji husogea. Mashine kubwa za kufulia zikivuta mvuke, inashuka kidogo, zikiacha, inapanda. Siku nane kabla ya mambo niliyokuja kuyasimulia, Bar Saba aliona kwamba sindano haishuki wala haipandi. Imekaa palepale kwenye saba, imetulia tuli. Aligonga kioo kwa kidole. Akagonga kwa bisibisi. Saba. Boila halikupoa hata siku moja, maana zamu zilipokezana usiku na mchana, kwa hiyo sindano haikupata nafasi ya kuumbuka kwa kukataa kurudi kwenye sifuri. Akaandika kikaratasi, na kwa mara ya kwanza akaongeza na mdomo.

"Bosi, geji imekwama."

"Imekwama kwenye ngapi?"

"Kwenye saba."

Meneja alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Sasa unataka ikwame kwenye ngapi, Bar Saba? Sindano iliyotulia ndiyo geji nzuri. Subiri mwisho wa mwezi tuagize nyingine."

Na Bar Saba naye, ambaye alijua vizuri, akacheka kidogo. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Alirudi chumbani kwake akaendelea kuwasha na kuzima moto kwa kusikiliza mlio wake na kukisia, na daftarini akaandika saba, ambayo sasa ilikuwa kweli kabisa kwa mujibu wa geji.

Siku ya tisa, saa tatu na nusu, kengele ya chai ikalia. Mashine zote zilisimama kwa mpigo mmoja. Mvuke uliokuwa ukivutwa na mashine kumi na nne ukakosa pa kwenda, na moto chini ulikuwa unawaka. Mtu mwenye geji nzima angeona sindano inapanda, angezima. Bar Saba alitazama juu, akaona saba, akavuta daftari. Alikuwa ndio kwanza ameandika saba ya saa nane mchana, na anaipigia mstari kwa rula, aliposikia mlio ambao baadaye aliwaambia watu haukuwa mlio, ulikuwa kofi.

Kilichopasuka hakikuwa boila. Ukutani mwa ukumbi wa pasi kulikuwa na bomba nene fupi, limezibwa ncha zote mbili. Mvuke hufikia pale kwanza, kisha hugawiwa kwa kila mashine. Mafundi huliita heda. Kizibo cha ncha moja kiling'oka kwenye mchomeleo na mvuke ukatoka wote kwa mkupuo. Wengi walikuwa nje wanakunywa chai. Ndani walikuwa wawili waliowahi kurudi. Mama Pacha, mkunja mashuka, aliruka nyuma akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Mwingine alikuwa shemeji yake Bar Saba, mdogo wa kike wa mke wake, aliyekuwa amesimama kwenye vali ya mashine yake ya pasi, anaifungua taratibu ili roli zianze kupata moto. Mvuke ulimuunguza mkono wa kulia kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko, na upande wa shingo.

Bar Saba alizima moto, akafunga vali kuu, akakimbia. Haya alifanya bila kukosea hata moja, na lazima yasemwe. Alimkuta shemeji amekaa sakafuni, macho makavu, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akammwagia maji ya bomba, maji mengi ya kawaida, bila kuacha, mpaka gari la wagonjwa likafika.

"Shemeji," yule dada alisema katikati ya maji, meno yakigongana, "sikuifungua kwa nguvu. Naapa."

"Najua. Nyamaza, najua."

Ajali ya namna hiyo huwezi kuifuta kwa ufagio. Kuna fomu, na fomu inatakiwa iwe kwa mkaguzi wa viwanda ndani ya saa ishirini na nne. Mchana uleule meneja aliijaza ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa na Bar Saba amesimama mbele ya meza. Kisanduku cha mali iliyoharibika kilikuwa kikubwa, meneja akakijaza mpaka pembeni: heda, dirisha, mashuka mia moja na sitini. Kisanduku cha majeraha kilikuwa na mstari mmoja. Akaandika: *madogo*. Kisanduku cha cheti cha ukaguzi akaandika: *kipo, kimetundikwa*. Kisanduku cha kipimo wakati wa ajali akauliza, bila kuinua kichwa, "Ngapi?" kisha akajijibu mwenyewe kwa kuandika saba.

Chanzo alikisoma kwa sauti, maana alijivunia. "Mfanyakazi wa pasi alifungua vali kwa ghafla. Maji yaliyopoa ndani ya bomba yakasukumwa na mvuke, yakagonga heda na kuipasua. Uzembe wa mfanyakazi."

Nasikitika kusema kwamba uongo huo ulikuwa wa kitaalamu. Jambo hilo hutokea kweli: mvuke ukiachiwa ghafla kwenye bomba lenye maji, maji hurushwa kama nyundo, na bomba huweza kupasuka. Meneja alikuwa amehudhuria semina.

"Bosi, yule haifungui kwa ghafla."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi. Boila lilikuwa bar saba, daftari linasema, geji inasema, na hivi sasa ukienda kuitazama bado inasema. Tatizo halikutoka kwako wala kwangu." Akasukuma mezani daftari jipya. "Ila ukurasa wa leo umeujaza mpaka saa nane. Boila limezimwa saa tatu na dakika arobaini. Mwenyewe unaona. Nakili upya huo mwezi, leo ishia saa tatu. Kalamu hiyo hapo. La zamani nitalihifadhi."

Kila mtu anajua meneja huhifadhi wapi vitu.

Bar Saba alisema ataenda kunakili nyumbani, mwezi mzima haumaliziki ofisini. Akabeba madaftari yote mawili kwapani. Alipofika alimkuta mkewe ametoka hospitali, amekaa kwenye kochi na viatu miguuni, ameshika tama.

"Wamemfunga mkono wote," mkewe alisema. "Daktari anasema vidole viwili hajui kama vitakunjika tena. Nyinyi mmeandika nini?"

Akamwambia. Hakuwa na tabia ya kumficha mkewe, isipokuwa lile jambo la geji iliyokwama siku nane, ambalo alilimeza pamoja na mate.

"Uzembe wa mfanyakazi," mkewe akarudia. "Mume wangu, nani alimfundisha mdogo wangu kufungua hiyo vali?"

"Mimi."

"Ulimfundishaje?"

"Robo ya mzunguko. Asubiri maji yatoke kwanza. Kisha robo nyingine."

"Na miaka sita amefanya hivyo. Nyumbani kwangu hata bomba la jikoni analifungua robo robo, ananiudhi." Akainuka kwenda kupika, akageuka mlangoni. "Wakimpitishia neno hilo, kazi hana, matibabu atajitegemea, na mkono hana. Wewe unakwenda kuandika nini kwenye hilo daftari jipya?"

Bar Saba akalifungua daftari jipya. Karatasi zake zilikuwa nyeupe na zinanukia vizuri. Akaandika tarehe ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, halafu kalamu ikasimama. Alikuwa ameandika namba hiyo mara elfu nyingi bila kuiwazia, na sasa ilikataa kutoka. Akifuata alichoambiwa, kazi anayo na kibali cha uangalizi anacho, na shemeji anakuwa mzembe kwa maandishi. Akilitoa la zamani, atakuwa amemwaga unga wake mwenyewe kwa mwandiko wake mwenyewe uliosifiwa. Alikaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Mkaguzi alifika asubuhi. Walimtarajia mzee mwenye tai, akaja mama mfupi mwenye buti, tochi, na begi la vyuma ambalo hakumruhusu mtu amsaidie kulibeba. Meneja alimkaribisha soda. Akasema asante, akaingia chumba cha boila.

Boila lilikuwa baridi kama ndoo ya maji. Geji ilikuwa inasoma bar saba.

Mama yule aliitazama kwa muda, akaweka kiganja juu ya boila, akaitazama tena. "Linajitahidi," akasema.

Kisha akaomba ngazi. Cheti cha ukaguzi kilikuwa juu ya mlango, kwenye fremu ya dhahabu, juu kiasi kwamba ili ukisome lazima uwe twiga au mjusi. Akapanda, akakitungua, akafungua fremu kwa bisibisi. Chini ya ukingo wa fremu kulikuwa na mstari mmoja uliofunikwa, ulioandikwa siku ya mwisho ya cheti kufanya kazi. Ilikuwa imepita miezi mitano.

"Fremu walileta ndogo," meneja akaeleza.

Mkaguzi akaukagua muhuri wa vali ya usalama, au tuseme mahali ulipopaswa kuwa. Akaing'oa vali, akaiunganisha na pampu yake ya mkono pamoja na geji aliyokuja nayo, akapampu. Ilitakiwa ifunguke kwenye nane. Nane ikapita. Tisa ikapita. Meneja akaanza kufuta miwani. Ilifunguka kwenye kumi na moja na nusu, kwa uvivu. Akauona na waya wa swichi. Kule kwenye heda akaumulika mchomeleo kwa tochi, akasema umeliwa na kutu mpaka umekuwa mwembamba kama ukucha.

"Yote hayo nitayaandika," akasema. "Lakini nahitaji kujua mvuke ulikuwa wapi asubuhi ile. Maana kama kweli mlikuwa na bar saba, hata vali mbovu haina hatia, na maelezo ya meneja kuhusu yule dada yanaweza kusimama. Daftari liko wapi?"

"Amekuja nalo," meneja akasema, na kumkonyeza Bar Saba.

Bar Saba alikuwa amesimama na mfuko wa plastiki wenye madaftari mawili. Jasho lilimtoka na boila lilikuwa baridi. Akatoa moja, lililochakaa, lenye alama ya kikombe cha chai juu ya jalada.

Mkaguzi akafungua ukurasa wa siku ile. Akasoma kwa kidole. Kidole kikapita saa tatu, kikaenda saa nne, saa tano, kikafika saa nane kwenye mstari uliopigwa kwa rula.

"Heda ilipasuka saa tatu na dakika arobaini," akasema. "Saa nane nani alisoma bar saba?"

"Hakuna mtu, mama."

"Na saa tatu?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa naandika tu. Siku zote naandika tu." Alijikaza kisabuni, akaendelea kabla moyo haujarudi nyuma. "Geji imekufa. Moto nilikuwa nauzima kwa kukisia, na wakati wa chai sikuuzima. Yule dada hana kosa. Mimi ndiye niliyemfundisha vali, na anaifungua vizuri kuliko mimi."

Meneja akaanza kufuta miwani tena.

Mkaguzi alichukua maelezo yake palepale, juu ya kreti la sabuni, neno kwa neno, akamsomea, akampa asaini. Penye kisanduku cha kipimo wakati wa ajali Bar Saba aliandika *sijui*. Kibali chake cha uangalizi kikaingia kwenye bahasha ya mkaguzi, na bahasha ikaingia begini pamoja na vyuma.

Taarifa ilitoka wiki ya pili. Kiwanda kilifungiwa boila, meneja akaitwa mahali ambapo miwani haisaidii, na Bar Saba akawa mtu asiye na kazi. Lakini penye chanzo cha ajali neno uzembe wa mfanyakazi lilikuwa limefutwa, na kwenye majeraha, badala ya *madogo*, kulikuwa na aya nzima. Majeruhi wote walipewa nakala. Ya shemeji, Bar Saba aliomba aipeleke mwenyewe. Alivaa shati la kutokea. Njiani mkewe alimshika mkono, jambo ambalo hawakulizoea barabarani, akamwambia, "Umefanya kiume," naye akanyanyua mabega kama mtu anayeona si kitu. Kusema kweli alikuwa amejaa furaha mpaka anaona haya.

Wodini shemeji alikuwa amekaa, mkono mweupe wa bandeji umelazwa juu ya mto. Shingo ilikuwa inaanza kupona kwa mabaka. Alitabasamu upande mmoja.

"Nisomee, shemeji. Mimi karatasi siwezi kushika na kufungua."

Akasoma. Alisoma kizibo na mchomeleo, vali na kumi na moja na nusu, cheti na fremu, na kwenye fremu shemeji akacheka mpaka akajishika shingo. Alisoma kwamba mfanyakazi wa pasi alifuata utaratibu sahihi. Hapo mkewe akaanza kulia, naye Bar Saba akairudia sentensi hiyo mara mbili. Akageuza ukurasa, akaendelea na sauti yake ileile nzuri kwenye maelezo ya mwangalizi, maana na hayo yalikuwemo, neno kwa neno.

"'Niligundua geji imekwama siku nane kabla ya ajali. Nilimwambia meneja.'"

Sentensi ilikuwa imeshatoka.

"Siku nane," shemeji akasema.

"Nilimwambia meneja. Nilimpa na kikaratasi."

"Meneja ulimwambia." Hakuwa na hasira, alikuwa anahesabu jambo na anataka alipate sawasawa. "Na sisi tulikuwa tunakunywa chai benchi moja kila siku, wewe kushoto, mimi kulia. Nikikuuliza habari za leo."

Mkewe aliacha kulia. Alikuwa anamtazama mumewe.

Kinywani Bar Saba alikuwa na neno moja tu alilozoea, akalizuia kwa meno. Shemeji alingoja kwa adabu, muda mrefu kuliko ambavyo mtu yeyote angengoja, kisha akamwomba dada yake amsaidie kugeuka upande wa ukutani.